Mistari imesimama, lakini nyumba imefupika

Picha mbili za nyumba moja ya Mji Mkongwe zimewekwa bega kwa bega kwenye skrini. Ya kushoto ndiyo ilivyotoka kwenye simu: kuta zinaegemeana kadiri zinavyopanda, nyumba nzima kama inaanguka kisogo. Ya kulia imeshanyooshwa. Kuta zimesimama wima, paa limelala sawa na mlango wa nakshi umekaa mraba.

Bibi mmoja aliyezaliwa kwenye nyumba hiyo akaitazama ya kulia kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hii si nyumba yetu. Yetu ilikuwa ndefu. Hii kama imekaliwa."

Alikuwa sahihi, na kwa wiki kadhaa jambo hilo halikuniachia. Kila mstari kwenye picha ile ulikuwa umenyooka. Kosa lilikuwa wapi?

## Kilichoinamishwa ni simu

Kuta hazikutani juu kwa sababu lenzi ni mbovu. Zinakutana kwa sababu simu iliinuliwa kutazama juu. Simu ikisimama wima kabisa, ukuta na kioo cha kunasia picha ndani ya kamera huwa sambamba, na mistari wima hubaki sambamba hata nyumba iwe ndefu kiasi gani. Ukiinua simu, sehemu ya juu ya nyumba inakuwa mbali zaidi na kioo hicho kuliko sehemu ya chini, na kilicho mbali huonekana kidogo.

Ukilijua hilo, utaona pia kwamba simu ikiinamishwa haibani upana wa juu peke yake. Inafupisha na urefu. Ghorofa ya juu inabanwa kwa pande mbili: inapungua upana, na inapungua urefu zaidi ya inavyopungua upana. Anayerudisha upana akasahau urefu amefanya nusu ya kazi.

Na nusu hiyo ndiyo inayoonekana kwa macho. Ukuta uliopinda humsumbua kila mtu. Nyumba iliyofupika haimsumbui mtu, isipokuwa aliyekulia ndani yake.

## Tuihesabu nyumba yenyewe

Chukua nyumba yenye upana wa mita 9 na kimo cha mita 14, iliyotazamana na kijiuwanja. Mpiga picha amesimama mita 12 kutoka ukutani, simu iko mita 1.6 kutoka ardhini, ameishika kwa urefu wake na kuiinua nyuzi 20. Kamera kuu ya simu yake ni sawa na lenzi ya milimita 26 kwa kipimo cha kamera za filamu, kama ilivyo kwa simu nyingi.

Kwenye picha, upana wa nyumba kwa juu unatoka asilimia 69 tu ya upana wa chini. Hilo ndilo linaloonekana kama kuanguka kisogo. Sasa tazama urefu. Ukweli wa nyumba hii ni kwamba kimo chake ni mara 1.56 ya upana wake. Kwenye picha, ukipima upana wa chini na kuulinganisha na kimo, unapata mara 1.2 hivi.

Zipo programu ambazo unagusa pembe nne za ukuta nazo zinakupa mstatili. Utaratibu wa kawaida ndani yake ni kuchukua upande mrefu zaidi wa mlalo kuwa upana, na upande mrefu zaidi wa wima kuwa kimo. Kwa nyumba yetu mstatili huo unatoka na uwiano wa 1.21. Kwa upana wa mita 9, nyumba ya mita 14 imegeuka kuwa ya mita 10.9.

Mita tatu zimepotea, na hakuna mstari hata mmoja uliopinda kukuonya.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kosa linakuja kwa njia nyingine. Ukichagua `Perspective`, ukaweka `Corrective (Backward)` na kuzivuta pembe nne za gridi mpaka zikae juu ya pembe nne za ukuta, ukuta unapanuliwa ujaze fremu yote. Uwiano unaoupata basi ni wa fremu, si wa nyumba. Picha ya simu ya 3 kwa 4 itakupa nyumba ya mita 12, na itakupa hiyo hiyo kwa nyumba yoyote utakayoiweka.

## Mlango ndio shahidi

Dawa ni kuwa na kitu kimoja kwenye ukuta ule ule ambacho upana na urefu wake vinajulikana. Kwa Unguja, Lamu au Mombasa, kitu hicho mara nyingi ni mlango. Pima fremu yake kwa tepu, nje kwa nje, ukiwa pale pale. Usiache kwa kusema utarudi kesho.

Tuseme fremu ina upana wa mita 1.60 na urefu wa mita 2.80. Uwiano wake ni 1.75. Picha iliyotoka kwenye programu ya pembe nne ina pikseli 2250 kwa 2726, na ukipima mlango ndani yake unapata pikseli 400 kwa 545. Mlango wa upana wa pikseli 400 ulipaswa kuwa na urefu wa 700. Gawanya 700 kwa 545, unapata 1.284. Hicho ndicho kiasi ambacho picha nzima inadai kuvutwa kwenda juu.

Kwenye GIMP fungua `Image > Scale Image`, kata kile kimnyororo kinachounganisha upana na urefu, acha upana 2250 na andika urefu 3500. Nyumba inasimama kwenye mita zake 14, kwa pikseli 250 kwa kila mita.

Mtu atauliza: mlango huwa umeingia ndani ya ukuta, je, hauharibu hesabu? Ukiingia sentimita 20 unaonekana mdogo kwa karibu asilimia 2, lakini unapungua upana na urefu kwa kiasi kile kile. Uwiano haubadiliki. Ndiyo maana mlango unafaa kwa kazi hii, ila haufai kuwa kipimo cha kusomea mita za ukuta mzima.

Udhaifu wake ni udogo. Ukikosea pikseli 5 kwenye upana wa 400, umekosea zaidi ya asilimia 1, na kwenye mita 14 hiyo ni karibu sentimita 17. Kama unaweza kupima kitu kirefu zaidi, pima. Usitegemee ghorofa ziwe na kimo sawa. Kwenye nyumba za zamani ghorofa moja inaweza kuwa ndefu kuliko nyingine kwa makusudi kabisa.

Iko njia ya kuupata uwiano bila tepu: kuiambia programu lenzi ilikuwa ya milimita ngapi. Kwenye darktable, programu nyingine ya kusafisha picha, moduli ya `rotate and perspective` huanza na `lens model` ikiwa `generic`, ambayo inachukulia lenzi ya milimita 28. Ukibadili kuwa `specific`, unaweza kuweka `focal length` na `crop factor` halisi, na hapo programu haivuti pembe, bali inaigeuza kamera kwa hesabu kana kwamba ilishikwa wima. Urefu unarudi pamoja na upana. Bado kuna kitelezi cha `aspect adjust` cha kusawazisha mwishoni, na mlango ndio utakaokuambia uache wapi.

Njia hii inahitaji taarifa za EXIF, yaani za kamera na lenzi, zilizofichwa ndani ya faili. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida hufika bila taarifa hizo, tena imepunguzwa. Mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti, faili lije kama lilivyo.

## Pipa kwanza, mwinamo baadaye

Nimechelewa kulitaja jambo ambalo kwa mpangilio wa kazi linatangulia.

Kuegemeana kwa kuta ni jambo la pembe ya kamera. Kupinda kwa mistari ni jambo la lenzi. Weka ukingo wa rula juu ya skrini, kando ya mstari mrefu ulio karibu na ukingo wa picha. Ukingo wa paa unafaa sana. Kama katikati ya mstari inatunisha kuelekea nje ya picha, hilo ni umbo la pipa, na lenzi pana nyingi zinalo. Kama inabonyea kuelekea katikati ya picha, hilo ni umbo la mto wa kulalia. Lenzi nyingine zina vyote: mstari unatuna katikati kisha unajikunja kinyume kwenye ncha, kama masharubu. Kitelezi kimoja hakiwezi kunyoosha masharubu. Hapo unahitaji vipimo vya lenzi yenyewe.

Kwa nini pipa litangulie? Kwa sababu mpindo wa lenzi umezunguka katikati ya picha kama mawimbi yanavyozunguka jiwe lililotupwa majini. Ukianza kwa kusimamisha kuta, au hata kwa kukata kipande cha picha, yale mawimbi yanapoteza kitovu chake. Programu itaendelea kudhani kitovu kiko katikati ya picha mpya, na itanyoosha upande mmoja huku ikipinda mwingine. Kinachoonyesha kosa hili ni ukuta wa kushoto kunyooka na wa kulia kubaki na tumbo, hata ufanyeje.

Kwenye darktable moduli ya `lens correction` inatangulia yenyewe. Kwenye GIMP nenda `Filters > Distorts > Lens Distortion` na kuivuta `Main` upande wa hasi kwa umbo la pipa. Anza na -5, weka rula tena, usifanye kwa kukisia.

Halafu kuna mtego wa simu. Kamera kuu ya simu huwa imeshanyoosha mpindo kabla picha haijahifadhiwa kama JPEG. Ukiisahihisha tena unatengeneza mto pale ambapo pipa lilishaondolewa. Rula kwanza, kitelezi baadaye. Faili ghafi, hasa za lenzi ile pana ya 0.5, ndizo zinazokuja na pipa lake zima.

## Roshani haitanyooka

Hesabu zote hizi ni za ukuta mmoja bapa. Chochote kilichotokeza mbele ya ukuta huo kina hesabu yake.

Roshani iliyotokeza mita 1, kwenye nyumba iliyo mita 12 kutoka kwa mpiga picha, inaonekana kubwa kwa asilimia 9 kuliko kama ingekuwa ukutani. Ikiwa iko mita 6 juu ya jicho, inapanda pia: kwenye picha iliyosahihishwa vizuri kabisa inakaa kana kwamba iko mita 6.5. Na tumbo lake la chini, zile mbao na mihimili, litaonekana, kwa sababu mpiga picha alikuwa chini na alizitazama kwa chini. Hakuna programu inayoweza kuonyesha uso wa mbele wa roshani kama ungeonekana kutoka mkabala wake, kwa kuwa kamera haikuwahi kuwa mkabala wake.

Kwa hiyo anayetaka kuchora roshani kwa vipimo asizisome kutoka kwenye picha hii. Mlango, madirisha na kingo za ukuta, ndiyo. Roshani, hapana.

Ubora nao unashuka kwa juu. Kwenye mfano wetu, ukingo wa paa unavutwa mara 1.3 kwa upana na karibu mara 1.7 kwa urefu. Pikseli moja imegeuka kuwa mbili na zaidi, na nakshi za juu zinafifia. Ukiona ukungu kwa juu na ukali kwa chini, usilaumu lenzi.

## Kabla ya kubofya

Njia bora ni kutoinua simu kabisa. Ukipiga hodi kwenye nyumba ya mbele na kuruhusiwa kupanda mpaka dirisha lililo mita 7 juu, nusu ya kimo cha nyumba yetu, simu iliyosimama wima inaichukua nyumba yote kwa lenzi ile ile ya milimita 26, na paa linapata pikseli nyingi sawa na msingi. Roshani nazo zinaonekana karibu usawa wake.

Njia ya pili ni lenzi ya 0.5. Ukiwa chini pale pale mita 12, simu ikiwa wima, inafika paani bila kuinuliwa. Nusu ya chini ya picha inakuwa barabara, nawe unaikata baada ya kuondoa pipa. Gharama yake ni pikseli: nyumba inapata nusu ya zile ambazo ingepata kwa lenzi kuu. Kwa picha ya kutazama kwenye simu inatosha. Kwa kuhesabu nakshi haitoshi.

Ukilazimika kuinua simu, acha nafasi chini, kushoto na kulia kwa nyumba. Wengi wanaacha anga juu. Lakini picha iliyosahihishwa inakuwa pana juu na nyembamba chini, na ukiikata iwe mstatili, upana wa chini ndio unaoamua nini kibaki.

Kwa picha ya kumbukumbu ya jengo, mimi nasimamisha kuta kabisa. Kwa picha ya kutundika ukutani, acha mwinamo kidogo, sehemu moja ya kumi ya uliokuwepo. Jicho limezoea kuta ndefu kukaribiana juu, na ukizisimamisha kabisa nyumba huonekana kama kichwa chake kimevimba.

## Karatasi na muhuri

Hati iliyopigwa picha mezani ina ugonjwa ule ule, na watu huamini karatasi zaidi ya wanavyoamini picha ya nyumba.

Baadhi ya programu za kuskani zinadhani kila karatasi ni A4, milimita 210 kwa 297, uwiano wa 1.414. Hati za zamani mara nyingi ni za fulskepu, inchi 8.5 kwa 13, uwiano wa 1.53. Ikilazimishwa kuwa A4, hati inafupika kwa zaidi ya asilimia 7, na maandishi hayakuambii kitu.

Muhuri unakuambia. Muhuri wa duara wenye upana wa milimita 40 utakuwa na urefu wa 37. Pima muhuri kwa mlalo na kwa wima kwenye skrini; usipolingana, karatasi imebanwa.

Kama umepima karatasi yenyewe, ImageMagick, programu ya picha inayoendeshwa kwa amri za kuandika, itafanya hasa unachoiambia. Hapa pembe nne zimesomwa kutoka kwenye picha, kuanzia juu kushoto na kuzunguka kulia, kila moja ikifuatwa na mahali inapopaswa kwenda, kwa fulskepu ya nukta 300 kwa inchi:

```
magick hati.jpg -define distort:viewport=2550x3900+0+0 \
  -distort Perspective "310,420 0,0 2790,385 2550,0 \
  2985,3720 2550,3900 150,3790 0,3900" \
  +repage hati-sawa.jpg
```

Karatasi yenye mikunjo si bapa, na pembe nne haziujui mkunjo. Ukiona mistari ya maandishi inapanda na kushuka katikati wakati kingo zimenyooka, irudie picha. Weka kioo safi juu ya karatasi, rudi nyuma mpaka nusu mita na utumie 2x badala ya kuisogelea.

## Ukuta ulioegemea kweli

Limebaki swali lililonichelewesha kuliko yote.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa haziko wima. Nyingine zimeegemea kwa miaka mingi, nyingine zinaendelea kuegemea. Unapoiambia programu "ukingo huu ni wima", nayo ikausimamisha, umeufuta mwinamo ambao fundi alitaka kuuona. Sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kwenye picha zake za kabla ya hapo kuna mstari wa kuaminika zaidi ya kuta: zile nguzo ndefu za chuma za baraza. Hata hizo zinafaa zaidi kupima mpindo wa lenzi, maana chuma cha kusubu kimenyooka hata nguzo ikiinama.

Mstari ambao haudanganyi ni timazi.

Teremsha kamba kutoka dirisha la juu, mbele kabisa ya ukuta, na ufunge uzito chini. Uzito uchovye kwenye ndoo ya maji ili upepo usiibembeze. Uzi mwembamba wa fundi hautaonekana: kwa pikseli 250 kwa mita, uzi wa milimita 2 ni nusu pikseli tu. Tumia kamba nyeupe nene ya sentimita 1, na funga vitambaa viwili vyekundu vilivyopishana mita 5 kamili. Ukiweka kamba mbili, moja kila upande wa nyumba, unazo zote: wima wa kusimamishia picha, na mita 5 za kurudishia urefu, ndefu kuliko mlango wowote.

Kisha isahihishe picha kwa kamba, uziache kuta zikae zinavyokaa. Kwenye nyumba yetu, kama ukingo wa kulia juu umesogea pikseli 30 kutoka kwenye mstari wa kamba kuliko ulivyo chini, ukuta umeegemea sentimita 12 kuelekea kulia. Ulioegemea kuelekea barabarani, kwa mtu aliyesimama barabarani, hauonekani kwenye picha hii. Huo unapigiwa picha kutoka ubavuni, pembeni mwa nyumba, na kamba nyingine.